Kete Sita Zilizobaki

Mteja mpya alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji katika mahabusu ya mahakama, amejikunyata kama mtu anayesikia baridi, na chumba chenyewe kilikuwa na joto la jikoni. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minne, mrefu, mikono yake imejaa makovu madogo madogo ya kazi. Jalada lilimwita mshtakiwa. Kazini walimwita Fundi, kwa sababu ndiye aliyetengeneza lifti za nusu ya majengo marefu ya mji ule.

Wakili aliyepangiwa kumtetea kwa gharama ya serikali alikuwa mwanamke wa makamo, miaka kumi na tisa katika kazi hiyo. Makarani walimpachika jina la Bi Rudia, maana hakuna shahidi aliyepita mikononi mwake bila kuambiwa, "Hebu rudia hapo." Alilijua jina hilo na halikumsumbua. Alivuta kiti cha plastiki, akafungua jalada.

"Wanasema walikukuta kwenye ngazi za jengo la bima, ghorofa ya pili, tarehe kumi na mbili, saa nne asubuhi. Mkoba wa vifaa. Ndani yake kete thelathini na nane za heroini, uzito gramu saba nukta tisa. Vifuko vitupu vya nailoni arobaini. Na ujumbe kwenye simu yako: 'Nimepata. Yako ipo.' Umetumwa kwa mtu uliyemwandika Dogo."

Fundi alivuta magoti karibu na kifua.

"Umeshtakiwa kwa kufanya biashara ya dawa za kulevya. Unajua tofauti yake na kupatikana nazo tu?"

"Miaka."

"Miaka mingi," wakili alisema. "Na dhamana. Kwenye biashara, hakimu hakupi dhamana hivi hivi. Sasa sikiliza vizuri. Sheria yetu imeweka mstari kwenye gramu tano. Ukikutwa na zaidi ya hapo, unahesabiwa kuwa mfanyabiashara mpaka wewe mwenyewe uthibitishe kwamba siyo. Chini ya hapo mzigo unamrudia mwendesha mashtaka. Yeye ndiye atakayetakiwa kuonyesha ulikusudia kuuza au kumpa mtu. Lakini usijidanganye, hata gramu moja inaweza kuwa ya biashara wakionyesha hayo."

"Mama yangu anasema waliniwekea."

"Mama yako hakuwepo. Wewe unasemaje?"

Mtu yule alitazama mlango wa nondo, akapangusa jasho usoni kwa bega. "Ni zangu," alisema. "Mama asijue."

Mama yake alikuwa juu, kwenye korido, amekalia ukingo wa benchi na mkoba wake magotini. Mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, amenyooka kama rula. Wakili alipotokea tu, mama alisimama.

"Wakili, mwanangu hajawahi hata kuvuta sigara. Polisi wamemwekea. Nimefundisha miaka thelathini na tano, mtoto anayesema uongo namjua kwa macho."

"Mwalimu, nipe siku chache nisome jalada."

"Kusoma nini? Sema hayo siyo yake, basi."

Wakili alishaona watu wengi wakishikilia neno hilo mpaka wakazama nalo. Polisi watatu, mlinzi mmoja wa jengo, mkoba wenye jina la mtu na kitambulisho chake cha kazi ndani: ukisimama mbele ya hakimu na kusema siyo yangu, umeuacha mlango pekee uliokuwa wazi, wa kusema ni zako za kutumia. Hakumwambia mama hivyo. Siri ya mteja ni ya mteja. Alimwambia tu kwamba angempigia simu.

Kazi ilianzia kituo cha polisi. Wakili hakwenda kutafuta maelezo ya askari, kwa sababu hayo alikuwa nayo. Aliomba daftari la wagonjwa wa mahabusu. Askari wa zamu alimtazama kama mtu aliyeagiza chai dukani kwa fundi viatu.

"La wagonjwa? La nini, mama?"

"La wagonjwa. Tarehe kumi na mbili mpaka kumi na tano."

Lilikuwa daftari la shule lenye jalada lililolegea. Mwandiko wa watu wanne tofauti, na kwa tarehe kumi na tatu, saa saba mchana, mmoja wao alikuwa ameandika: *Mahabusu wa seli ya pili anatapika, anaharisha, anatetemeka, anasema mifupa inamuuma, kamasi na machozi yanamtoka. Amepelekwa zahanati ya jirani.* Siku iliyofuata: *Bado hali mbaya. Wenzake wanasema ana arosto.* Zahanati nayo ilikuwa na karatasi yake. Tabibu alipima mboni za macho na mapigo ya moyo, akaandika kwamba mgonjwa alikuwa akipata mateso ya kukosa dawa ya kulevya aliyozoea.

Wakili aliomba nakala zenye muhuri za kurasa zote mbili. Muuzaji anaweza naye kuwa mtumiaji, hilo alilijua, tena wengi ndivyo walivyo. Lakini mwili hauwezi kutengeneza ushahidi wa namna hiyo kwa siku moja. Karatasi mbili zilizoandikwa na watu wasiojua kesi, kabla ya wakili kupatikana, zilikuwa na nguvu kuliko hotuba yoyote ambayo angeitoa yeye.

Kutoka hapo akaenda kazini kwa Fundi. Msimamizi wa karakana, mzee mwenye kalamu mbili nyuma ya sikio moja, alimwonyesha kabati la stoo. Droo ya chini ilijaa vifuko vya nailoni vyenye mdomo wa kubana.

"Hivi kila fundi anachukua," alisema. "Skrubu, fyuzi, vipete vya milango. Usipovifungasha, kitu kinadondoka kwenye shimo la lifti na huko hakirudi."

"Alichukua lini?"

Msimamizi alipekua kitabu cha stoo. "Tarehe kumi na moja. Arobaini. Alikuwa anasafiri kesho yake, tunafunga lifti mpya ya hospitali mji wa pili. Siku nne." Alisita kidogo. "Mama, mimi simlaumu mtu. Ila lifti inabeba watu. Hata mkishinda, sitampandisha juu ya kibanda cha lifti kesho."

"Sikuombi hilo. Naomba barua ya safari na nakala ya ukurasa huu."

Siku nne. Wakili aliliandika neno hilo pembeni ya daftari lake na kulipigia mstari. Alikwenda gerezani, ambako Fundi alikuwa akishikiliwa kusubiri kesi, akamuuliza swali moja tu: kwa siku ulikuwa unatumia ngapi?

"Nane. Siku mbaya tisa."

"Na huko ulikokuwa unakwenda?"

"Simjui mtu huko. Ndiyo maana nilichukua za siku zote." Alikuwa amepona ile arosto, lakini amekonda, na sauti yake ilikuwa kavu. "Ukikaa juu ya kibanda cha lifti ghorofa ya tisa na arosto, wakili, unaua mtu. Au unajiua. Kwa hiyo nilikuwa nabeba."

Wakili alifunga kalamu. "Nane mara nne ni thelathini na mbili."

Nje ya dirisha dogo mfungwa mmoja alikuwa akifagia changarawe.

"Sita za nani?"

"Lazima nijibu?"

"Hulazimiki kuniambia. Ukiniambia, haitoki hapa. Lakini nikishajua ukweli, siwezi kusimama mahakamani nikasema kinyume chake, wala siwezi kukuacha uape halafu useme uongo mimi nikitazama. Kwa hiyo fikiri kwanza."

Alifikiri. Kisha akasema Dogo ni mdogo wake, wa tumbo moja, kinyozi, miaka ishirini na saba. Walianza pamoja, au tuseme mkubwa alianza na mdogo akamfuata. Mdogo hana kipato cha kutosha na akibaki siku nne peke yake angekwenda kuiba. Hivyo alikuwa akimwachia.

"Anakulipa?"

"Anilipe na nini?"

"Kisheria kumpa mtu bure nako ni kusambaza," wakili alisema. "Siyo sawa na kuuza, adhabu yake iko mbali na ya kuuza, lakini ni kosa, na siyo lile la kupatikana nazo tu."

"Ndiyo maana sitaki litajwe. Mama ana watoto wawili tu."

Taarifa ya mkemia wa serikali ilifika wiki ya sita. Wakili aliisoma akiwa amesimama, kwenye kaunta ya masijala. Polisi walikuwa wamepima kete kama walivyozikuta, na nailoni zake, na mafundo yake yaliyochomwa kwa kiberiti. Mkemia alizifungua zote, akamwaga unga kwenye chombo, akapima unga peke yake: gramu nne nukta moja. Alichukua sampuli akazifanyia uchunguzi, akakuta heroini iliyochanganywa na vitu vingine. Sheria ilihesabu mchanganyiko wote, siyo heroini tupu, lakini haikuhesabu nailoni. Karibu nusu ya mashtaka ilikuwa vifungashio.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mwenye koti lililomzidi mabega, mwepesi wa kucheka, mgumu wa kuachia. Walikutana ofisini kwake, chumba chenye meza mbili na majalada sakafuni.

"Najua umekuja na gramu nne zako," alisema kabla wakili hajakaa.

"Nimekuja na zaidi ya hizo."

Alizipanga karatasi moja baada ya nyingine: daftari la seli, zahanati, kitabu cha stoo, barua ya safari. Kijana alisoma kila moja, bila haraka. Aliporudi kwenye vifuko arobaini alichukua picha ya vielelezo akailinganisha. Kete zilikuwa zimefungwa kwa vipande vya nailoni laini, vimekatwa kwa mkono na kufungwa fundo. Vifuko vya mkobani vilikuwa vigumu, vya kubana, vimebaki safi.

"Hapa nakubali. Hawa polisi wangu waliona nailoni wakachangamka." Akakuna shavu. "Hakuna mizani, hakuna orodha ya wateja, hakuna fedha isipokuwa nauli. Sasa nisaidie na 'Yako ipo.'"

"Siwezi kukusaidia hapo."

"Huwezi au hutaki?"

"Mzigo ni wako sasa, ndugu yangu. Uzito uko chini ya gramu tano."

Kijana alicheka. "Bi Rudia, leo wewe ndiye hutaki swali lirudiwe." Lakini alikuwa ameshachukua kalamu. Ujumbe mmoja, namba isiyosajiliwa kwa jina linalotambulika, maneno matatu. Kwa ushahidi huo peke yake asingeweza kusimama na kusema mtu huyu ni mfanyabiashara. Alisema ataondoa shtaka la biashara na kuweka la kupatikana na dawa, Fundi akikiri. Hatapinga dhamana. Na hatapinga matibabu badala ya gereza, ikiwa daktari atayapendekeza na siyo wakili.

Daktari wa kliniki ya waraibu alimpokea Fundi siku ya pili baada ya dhamana. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo mwenye sauti ya kuchoka, na alimruhusu wakili akae pembeni kwa ridhaa ya mgonjwa. Aliuliza maswali kwa muda mrefu. Umeanza lini. Unavuta au unajidunga. Umewahi kuacha? Fundi alikuwa amejaribu mara mbili kwa kuomba likizo ya ugonjwa na kujifungia chumbani, akimwambia mama yake ni malaria. Mara zote mbili hakumaliza mwezi.

"Njia zipo kadhaa," daktari alisema. "Kuna nyumba za kukaa, miezi minne au sita, mbali na mitaa yako. Kuna ushauri nasaha peke yake, na mtu kama wewe mara nyingi haumtoshi. Na kuna methadoni. Unakuja hapa kila siku, unakunywa mbele ya muuguzi, unaondoka. Haikuleweshi ukipewa kwa kipimo chako. Inaondoa arosto na ile kiu. Tunaanza na kidogo, tunapandisha polepole. Siyo wiki mbili. Ni mwaka, miaka miwili, pengine zaidi."

"Kwa hiyo ni kubadilisha dawa kwa dawa."

"Mwenye kisukari naye anadungwa kila siku. Unamwambia nini?" Aliegemea mbele. "Jambo moja nataka ulisikie vizuri. Umekaa wiki sita bila kutumia. Mwili wako umesahau. Ukirudi mtaani ukatumia zile nane zako, utakufa. Sikutishi. Wengi nawapoteza wiki ya kwanza wakitoka gerezani."

Fundi alichagua methadoni. Daktari akaandika ripoti ya kurasa mbili kwa ajili ya mahakama: uraibu mkubwa wa heroini, matumizi ya kete nane kwa siku kwa miaka mitano, anafaa kwa matibabu ya nje chini ya uangalizi. Wakili aliisoma mstari kwa mstari. Alipofika kwenye "kete nane kwa siku" alisimama. Ripoti ilikuwa ya kweli na ilimsaidia mteja wake kuliko karatasi nyingine yoyote. Na ndani yake ile hesabu ilikuwa wazi kwa yeyote anayejua kuzidisha.

Mchana wa siku moja kabla ya kesi alimwita Fundi ofisini.

"Hakimu huyu anasoma. Akikuuliza kuhusu idadi, mimi nitasimama kwanza nijaribu kukukinga. Asipokubali, una njia mbili: kunyamaza, ambayo ni haki yako, au kusema kweli. Uongo haumo."

"Nikinyamaza?"

"Anaweza kukataa ukiri wako, kesi ikaanza kusikilizwa upya kwa ushahidi. Anaweza pia kuacha tu. Sijui."

"Na nikisema?"

"Unaongeza kosa juu ya kosa. Na mama yako atakuwa nyuma yako."

Mama alikuwepo, kweli. Kwa wakati huo alishajua kwamba mwanawe anakunywa dawa kliniki. Fundi mwenyewe alimwambia siku alipotoka, jikoni, akiwa amesimama, na mama hakumsemesha siku tatu. Siku ya nne alimuuliza kliniki inafunguliwa saa ngapi. Sasa alikaa safu ya pili, na pembeni yake alikaa mwanawe mdogo, kinyozi, shati limefungwa mpaka shingoni.

Hakimu alikuwa mzee mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutazamia watu, na alikuwa akiibadilisha bila kukosea. Shtaka lilisomwa, Fundi akakiri. Mwendesha mashtaka alieleza mambo ya kesi kwa ufupi. Wakili alitoa maombi yake: hakuna ushahidi wa biashara, mteja ni mgonjwa, ameshaanza matibabu, hajakosa kliniki hata siku moja katika siku kumi na nane. "Dawa hizi, mheshimiwa, hazikuwa za kuuza," alisema. Alilipima neno hilo kabla ya kulitoa, nalo lilikuwa kweli.

Hakimu alivaa miwani ya kusomea, akaisoma ripoti ya daktari mpaka mwisho, akarudi mwanzo. Akabadilisha miwani.

"Mshtakiwa. Daktari anasema nane kwa siku. Mwajiri anasema safari ya siku nne. Hapo napata thelathini na mbili. Kwenye kielelezo ziko thelathini na nane. Sita zilikuwa za nini?"

Wakili alisimama. "Mheshimiwa, mteja wangu amekiri kupatikana na idadi yote. Kwa shtaka lililopo mbele yako—"

"Shtaka nimelielewa, wakili. Nataka kuelewa ninachokwenda kukitolea adhabu. Halazimiki kujibu, na asipojibu sitamhesabia vibaya. Lakini siwezi kujifanya sikuona."

Wakili alimtazama mteja wake. Fundi alikuwa ameshika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, namna mtu anavyoshika kamba ya lifti kabla ya kuweka uzito.

"Sita zilikuwa za mdogo wangu," alisema.

Karani aliendelea kuandika. Nyuma, kwenye safu ya pili, ilisikika sauti ya mkoba ukianguka chini.

"Ulimuuzia?" hakimu aliuliza.

"Hapana. Nampa. Naye anaumwa kama mimi. Mimi ndiye niliyemwonyesha." Akageuka kutazama safu ya pili. "Sikutaka kusema kwa sababu ya mama. Ila mimi nikipona yeye akabaki, nitakuwa nimefanya nini?"

Mwendesha mashtaka alisimama akaomba dakika ishirini. Kwenye korido alivuta koti lake, akamwendea wakili.

"Ulijua."

"Hilo huwezi kuniuliza."

"Sawa, siulizi." Alipiga piga jalada kwa vidole. "Sasa amesema mbele ya hakimu kwamba anasambaza. Siwezi kuliacha hewani. Kuna kifungu kidogo, kumpatia mtu mwingine bila malipo, kiasi kidogo. Naongeza hilo. Akikiri yote mawili, msimamo wangu kuhusu matibabu haubadiliki. Mdogo mtu simshtaki, hana alichokutwa nacho. Lakini mwambie afanye jambo."

"Mimi siyo wakili wake."

"Basi mwambie kama shangazi."

Umbali wa hatua kumi, mama alikuwa amesimama mbele ya kijana wake mdogo. Hakupiga kelele. Alimshika mkono, akakinyoosha kiwiko chake kwenye mwanga wa dirisha, akatazama ndani ya mkono kama anavyokagua daftari la mwanafunzi. Hakukuta alama za sindano, kwa sababu kijana alikuwa akivuta. Lakini aliendelea kuushika mkono ule mpaka mlango wa mahakama ulipofunguliwa.

Fundi alikiri la pili. Hukumu ilichukua muda mfupi. Hakimu alisema uzito peke yake haumwambii mtu alikusudia nini, wala ugonjwa haufuti kosa. Alimtia hatiani kwa yote mawili. Kifungo cha miezi kumi na minane, kimeahirishwa kwa miaka miwili, kwa masharti: ahudhurie kliniki kila siku, apimwe mkojo bila taarifa, aripoti kwa afisa wa uangalizi kila wiki mbili, asifanye kazi ya hatari mpaka daktari aandike. Akivunja masharti ataletwa, na kifungo kinaweza kuamshwa.

"Siyo zawadi hii," hakimu alimwambia. "Gereza ni rahisi kuliko hiki nilichokupa. Kule hutakiwi kuamua kitu."

Mwajiri alimhamishia karakana, kusuka nyaya mezani. Mshahara ulipungua, naye hakulalamika, au kama alilalamika wakili hakusikia. Mdogo wake alijiandikisha kliniki wiki iliyofuata kwa hiari yake, maana huko mtu haulizwi hati ya mashtaka. Alikwenda siku ishirini na mbili. Kisha akaacha, akarudi, akaacha tena.

Mwezi wa nne mkojo wa Fundi ulionyesha heroini. Afisa wa uangalizi aliandika taarifa, na wote wakarudi mbele ya miwani miwili. Daktari naye alileta karatasi: mgonjwa alikosa siku tatu, akateleza mara moja, akarudi mwenyewe kabla ya kutafutwa, na kipimo chake kimeongezwa kwa sababu kilikuwa kidogo. Kuteleza, aliandika, ni sehemu ya ugonjwa huu na siyo ushahidi kwamba matibabu yameshindikana.

Mwendesha mashtaka hakuomba kifungo kiamshwe. Aliomba masharti yakazwe. Hakimu aliongeza vikao vya ushauri nasaha mara mbili kwa wiki, akapanga kumwona tena baada ya miezi mitatu, akaita kesi nyingine.

Kwenye korido mama alimsubiri wakili. Alikuwa amekonda kidogo, lakini bado amenyooka.

"Wakili, nikuulize. Siku ile angenyamaza, ungemshindia?"

"Pengine, Mwalimu. Angepata adhabu hii hii, pengine pungufu."

"Na huyu mdogo nisingejua."

"Usingejua."

Mama aliitazama saa yake ya mkononi. "Jana usiku hakurudi nyumbani," alisema. "Nimekwenda asubuhi kwenye kibanda chake cha kunyolea, wenzake wanasema yuko upande wa stendi. Nikitoka hapa nakwenda huko."

"Unamjua mtu wa kukusindikiza?"

"Namjua mmoja." Akaelekeza kidevu upande wa ngazi, ambako Fundi alikuwa akiweka saini kwenye kitabu cha afisa. "Ila kwanza anywe dawa yake. Dirisha wanafunga saa sita."

Fundi alimaliza kusaini, akapangusa kalamu kwenye suruali, akairudisha mezani. Wakaondoka pamoja, mama mbele, yeye hatua moja nyuma, na wakili akafungua jalada lililofuata.